Nyufa za Kitambaa cha Sita

Baba hakuwa mtu wa kuja uani kwangu. Nyumba yetu ya Buruburu ina ua mdogo nyuma ya jikoni, na tangu nianze kazi ya batiki ua ule ulikuwa wangu: pipa langu lililokatwa nusu, kamba zangu, jiko langu, na harufu ya nta ambayo yeye alisema inamwumiza kichwa. Kwa hiyo nilipomwona amesimama mlangoni na sweta yake ya ukarani, aliyoendelea kuivaa hata baada ya kustaafu, nilijua amekuja na neno.

Alitaka vitambaa sita. Mdogo wangu alikuwa anaolewa, na siku ya ruracio, ambayo kwetu ndiyo siku wageni wanaleta mahari, kuna ule mchezo ambao kila mtu wa kwetu anaujua. Bibi harusi anafunikwa gubigubi pamoja na wasichana wengine wa kimo chake, wanasimamishwa mstari mmoja, na bwana harusi anaambiwa amtoe wake. Akimfunua mwingine, wanawake wanamcheka na anatozwa faini, kisha anajaribu tena. Watu wengi hutumia leso zozote zile. Baba alitaka batiki, mchoro mmoja, rangi moja, na pasiwe na tofauti hata ya uzi kati ya hiki na kile.

Nilidhani anataka kupendezesha sherehe, nikaanza kufurahi. Ndipo akaniambia lililobaki. Kijana akikosea, hakuna faini na hakuna kujaribu tena. Mbuzi watarudi walikotoka, wageni watakula waende zao, na habari ya ndoa itazungumzwa mwaka mwingine. Alikuwa amemwambia msemaji wa upande wa pili hivyo hivyo, na msemaji akacheka akidhani ni mzaha wa wazee. Mimi sikucheka. Tangu Mama atutoke, sijawahi kumsikia Baba akifanya mzaha na jambo linalomhusu mdogo wangu.

Alikuwa na sababu. Kabla ya kijana huyu kulikuwa na mwingine. Yule wa kwanza alikuja kwetu, akala, akaombewa na mchungaji, akaahidi mambo makubwa, kisha akapotea bila kuaga, na mdogo wangu akalala kitandani mpaka tukaogopa. Huyu wa sasa alikuwa mchomeleaji wa milango na madirisha kule kwenye karakana za jua kali za Kariobangi, mpole, mwenye maneno machache, na walikuwa wamefahamiana kwa muda mfupi tu. Baba hakuwa na ubaya naye. Alichokuwa akisema ni kwamba mtu hawezi kuoa asichokijua, na kama kijana anamjua mtoto wake, basi atamjua hata akifunikwa.

"Nimekuja kwako kwa sababu wewe kazi yako huichezei," aliniambia.

Nikavimba kichwa, nikakubali.

Mdogo wangu alipopata habari alikuja mbio. Hakuwa akilia, alikuwa ameshapita huko. Alikuwa na sura ya mtu anayepiga hesabu. Alitaka alama. Kitu kidogo tu, duara moja lililokatika, nukta moja pembeni, kitu ambacho Baba na miwani yake hatakiona. Nikamwambia hapana. Akaniambia mimi sijui kukaa nje ya mlango wa mtu unayempenda ukisubiri karata ya bahati. Nikamwambia mimi najua kutengeneza vitambaa, na kwamba nikiweka alama, maisha yake yote atakuwa ameolewa kwa alama. Tulitupiana maneno mpaka jirani akaongeza sauti ya redio.

Kwa wasioijua kazi hii, niseme kidogo. Batiki ni nta na rangi kugombania kitambaa. Pale ulipoweka nta, rangi haiingii. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye nta, na nta ina tabia zake. Ya mishumaa ni ngumu, ukiikunja inavunjika, na rangi hupita kwenye zile nyufa na kuacha vijistari vyembamba kama mishipa. Kuna wateja wanaozipenda nyufa hizo, na mimi nikiwa natengeneza vitambaa vya meza huzitafuta makusudi: natumia nta ya mishumaa kwa wingi, natumbukiza kitambaa kwenye maji baridi mpaka nta igande kabisa, nakifinyanga mikononi, ndipo nakitia rangi nzito. Lakini nyufa hazifanani hata siku moja. Huwezi kuvunja vitambaa viwili vikavunjika sawasawa. Kwa kazi ya Baba ilibidi niziepuke kabisa, na dawa yake ni nta ya nyuki, ambayo inakunjika bila kupasuka. Nilichanganya sehemu mbili za nyuki kwa moja ya mishumaa.

Pamba niliinunua Eastleigh, yote kutoka jora moja, nikaifua kwa maji moto na sabuni mpaka ule wanga wa kiwandani ukatoka, kwa maana kitambaa chenye wanga hakinywi kitu. Muhuri niliukata kwenye sponji la godoro: duara kubwa na duara dogo ndani yake. Nta niliiweka kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji, juu ya jiko la makaa, ili isipate moto wa moja kwa moja. Nta iliyopata moto kupita kiasi hutoa moshi, na baada ya moshi huja ndimi, na huo moto hauzimwi kwa maji. Unafunika sufuria na unaomba Mungu. Nina kovu la kunikumbusha.

Sina kipimajoto. Kipimo changu ni kipande cha pamba chakavu. Unachovya sponji, unagandamiza, unatazama. Nta yenye joto sawa inazama, na kitambaa kinakuwa kama karatasi iliyomwagikiwa mafuta ya chapati, unaona mwanga ukipita. Ukikigeuza, duara unalikuta upande wa pili vilevile. Nta iliyopoa haizami. Inakaa juu, nyeupe, kama uji uliogandia sahani, na chini yake kitambaa kiko wazi, kinangojea rangi. Ya moto sana nayo inatambaa nje ya mstari wake, na duara linageuka kuwa doa.

Vitambaa vitano vilikwenda vizuri hata nikaanza kuimba. Kila kimoja nilikigeuza, nikakikagua kwa nyuma, na palipopungua nikaongeza. Kitambaa cha sita nilikuwa nimefika katikati, nta ikiwa imebaki kidogo chini ya sufuria, mdogo wangu alipoingia tena uani.

Safari hii hakuomba. Alisimama karibu na jiko akaniambia kwamba namwonea wivu, kwamba mimi nimekaa na nta zangu mpaka nimekuwa nta, na kwamba Mama angekuwa hai angeniona nilivyo. Sijui kama dada wote wanajua mahali pa kuchoma sindano. Huyu wangu anajua.

Nilimjibu bila kuacha kazi. Nta ya nyuki ilikuwa imeisha, kwa hiyo huku nikifoka nilinyoosha mkono kwenye debe ninaloweka nta niliyoikusanya kutoka kazi za zamani, nikatupa mabonge mawili ndani ya sufuria. Nta ile ilikuwa imetoka kwenye vitambaa vya meza, karibu yote ni ya mishumaa. Na mabonge yalikuwa baridi. Na makaa yalikuwa yameshakuwa majivu. Mambo matatu, na yote ninayajua kama ninavyolijua jina langu, lakini macho yangu yalikuwa usoni pake na mkono ukiendelea kupiga muhuri. Nilimaliza kitambaa, nikakitundika bila kukigeuza, nikamwambia atoke.

Rangi niliikoroga siku iliyofuata, pipa zima kwa mara moja ili vyote sita vinywe kikombe kimoja. Ile buluu inataka kostiki, ile soda kali inayochoma ngozi, na haidrosi, ile dawa ya unga mweupe inayoifanya rangi iyeyuke, na maji yasiwe ya moto, la sivyo nta yako inakukimbia. Ikiwa tayari haionekani buluu. Inaonekana ya kijani chenye unjano. Unavizamisha vitambaa, unavitoa na glavu, na ni hewa inayovigeuza mbele ya macho yako, kijani kinakufa na buluu inapanda. Mimi hupenda dakika hiyo kuliko zote katika kazi yangu.

Vitano vilipanda buluu, na maduara yake ya nta yamekaa imara. Cha sita kilipogeuka, kiligeuka pamoja na maduara yake. Nusu ya kwanza ilikuwa safi. Nusu ya pili ilikuwa imejaa mishipa ya buluu kutoka pembe hadi pembe, kila palipokunjwa ndani ya pipa, na kingo za maduara zimetafunwa mahali nta haikuzama. Kazi ile ingekuwa kitambaa cha meza, ningeisifu.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilifikiria kuipasua nta ya vile vitano vingine ili vifanane, nikachovya pembe ya kimoja kwenye maji baridi na kuifinyanga, lakini nta ya nyuki ilikunjika tu kwa ukaidi na kurudi ilivyokuwa. Hata kama ingepasuka, rangi pipani ilikuwa imeshachoka, na kuvizamisha tena kungevifanya viwe vizito kuliko cha sita. Kuzifuta zile nyufa haiwezekani. Buluu iliyoingia kwenye ufa ni ileile iliyoingia kwenye kitambaa, na kitakachoiondoa moja kitaondoa yote. Pamba ya jora lile ilikuwa imekwisha, na ruracio ilikuwa mlangoni.

Basi nikafanya kilichobaki, nikaitoa nta. Nilichemsha maji kwenye pipa lingine na sabuni ya unga na magadi kidogo, nikaviingiza kimoja kimoja, nikivizamisha na kuvikoroga kwa mwiko mrefu. Nta inaachia na kupanda juu. Usipoiengua ukawa na haraka ya kutoa kitambaa, kinapita kwenye nta ileile na kuivaa tena, na hapo umejipatia kazi ya bure. Niliengua, nikakitoa, nikakitupa kwenye maji baridi, nikakwangua vilivyobaki, nikarudia mpaka kitambaa kikawa laini mkononi. Maji yale sikuyamwaga kwenye mtaro. Nilikwisha kuziba mtaro wa majirani mara moja kwa nta na sina hamu. Niliyaacha yapoe, nta igande juu, niichukue kama mkate.

Vitambaa vilikuwa bado kwenye kamba Baba alipotoka na kikombe chake cha chai. Alipita kimoja kimoja, akitikisa kichwa kwa kuridhika, na nikaona moyo wangu unakwenda naye kutoka kitambaa hadi kitambaa. Kwenye cha mwisho alisimama. Aliweka kikombe chini. Akashika ukingo, akakiinua kwenye mwanga, akazitazama zile nyufa.

"Kwa hiyo hiki ndicho chake," alisema.

Nikamwambia si chake wala si cha mtu. Nta ilipoa, niliongeza nta ya zamani ikiwa baridi, ikapasuka. Nilimweleza yote, hata makaa. Nilijisikia nikieleza sana, namna mtu mwongo anavyoeleza.

"Miaka yote hii nta yako haijapoa," alisema. "Imepoa safari hii."

Nikamwuliza kama ananiita mwongo. Nikamwambia basi tuvitupe vyote tutumie leso. Akasema hapana, vitavaliwa vyote sita kama vilivyo, na siku yenyewe itaonyesha. Akachukua kikombe akaingia ndani. Nilimjua vya kutosha kusoma alichokuwa amekiamua. Kijana akikichagua kile chenye nyufa na chini yake awe mdogo wangu, Baba atasimama mbele ya wazee na kusema mtihani umeibwa. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimeuiba. Niliumia. Mtu akisema kazi yangu ni mbaya tutapigana na yataisha, lakini kuambiwa kwamba nimeitumia kudanganya kulinikaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Kabla sijatulia, mdogo wangu alikuja akanikumbatia kwa nyuma. Alikuwa amekiona kupitia dirisha la jikoni. Alilia mgongoni mwangu, akaniomba msamaha kwa ile habari ya Mama.

"Nilijua tu utaniokoa, sis. Nimeshamtext, nimemwambia aangalie ile iko na nyufa."

Nilimgeukia na nadhani nilimtikisa mabega. Nikamweleza Baba alivyosema, na kwamba amtumie meseji nyingine upesi, amwambie asahau nyufa. Alijaribu. Kijana alikuwa amekwenda kwao Murang'a kuwachukua wazee wake, na simu yake ilikuwa imezimwa. Tulijaribu mpaka asubuhi ya ruracio, wakati shangazi yetu, dada yake Baba, alipoingia chumba cha kuvalia na kikapu na kukusanya simu zote, kama ilivyo desturi yake, ili pasiwe na wa kupeana siri.

Chumbani tulikuwa wanawake wengi na jasho. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa kitandani. Binamu mmoja aliyekuwa awe wa sita alikuwa amekwama njiani, na shangazi alikuwa analalamika kwamba mstari utakuwa mfupi. Mdogo wangu aliketi pembeni na mikono magotini. Nikamwona anavitazama vitambaa, kisha akainuka na kunyoosha mkono kwenye kile chenye nyufa. Nadhani alikuwa ameamua kwamba heri kuchaguliwa na Baba akasirike, kuliko kuachwa.

Hata sasa naweza kuipitia akilini ile hesabu niliyoipiga nikiwa nimesimama pale. Akikivaa yeye, kijana atamchagua, na Baba atawafukuza. Akikivaa mwingine, kijana atamchagua huyo mwingine, na Baba atawafukuza. Njia ilikuwa moja tu, kwamba kijana akione kile alichoambiwa akichague, na akiache. Na asipokiacha, angalau chini yake awe mtu asiye na la kupoteza.

Nilimpokonya. Nikamwambia shangazi kwamba nitakuwa wa sita mimi, kimo chetu ni kimoja. Shangazi akafurahi, akasema hata miaka yangu haitaonekana nikifunikwa. Mdogo wangu alinitazama macho makavu.

"Umenimaliza," alisema, taratibu, hata wengine hawakusikia.

Tulitolewa tukiwa tumeshikana mikono, tukapangwa mbele ya hema. Chini ya kitambaa kuna joto na harufu ya sabuni, na ukiwa makini, kaharufu kadogo ka nta ambayo haikutoka. Kwenye maduara meupe mwanga ulipita, kwa hiyo niliona watu kama vivuli, na chini, kwenye ukingo, niliona ardhi na viatu. Mdogo wangu aliwekwa mbali nami, upande wa kushoto. Nilisikia wanawake wa upande wa pili wakiimba, msemaji wao akitutania kwamba tumefunika mchele wetu kwa kuogopa ndege. Kisha nyimbo zikaisha, na viatu vya kahawia vikaanza kutembea.

Vilipita taratibu. Mmoja, wa pili, wa tatu. Vilipofika kwangu vilisimama.

Hakuruhusiwa kugusa wala kusema. Alisimama tu, na nilijua anatazama nini. Kila ufa wa kitambaa kile ulikuwa mbele ya macho yake, kama alivyoandikiwa. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nilimkasirikia kwa kuzima simu, nikamkasirikia mdogo wangu kwa kuishika, nikamkasirikia Baba na sweta yake, na yale makaa. Nilikaza magoti. Pita, nilisema moyoni, pita, mpumbavu wewe. Viatu vikasogea. Vikaenda mpaka mwisho wa mstari, vikarudi, na vikasimama mbele yangu mara ya pili. Nilisikia hata sufuria zikigongana jikoni.

Kisha vikaondoka, vikaenda kushoto, na nikamsikia akisema, "Ni huyu."

Kabla shangazi hajafunua, kiti kilisukumwa nyuma. "Amekosa," Baba alisema. Alisema kwa sauti ya kazini, sauti ya kufunga faili. Nikasikia hatua zake zinakuja, na si kushoto zilikokwenda. Zilikuja kwangu. Aliwaambia wageni kwamba hakuna haja ya kuwachelewesha, atawaonyesha mwanawe yuko wapi. Akashika kitambaa kwenye ukingo uleule alioushika kwenye kamba, akakivuta juu.

Tulitazamana. Nywele zilikuwa zimenishika usoni kwa jasho.

Upande wa kushoto shangazi alifunua alipoonyeshwa, na vigelegele vilivyopigwa vilikuwa vya pande zote mbili. Mdogo wangu alikuwa anatetemeka mwili mzima, na yule kijana alikuwa amemshika viwiko kama mtu anayeshikilia ngazi. Baadaye sana, tukiwa tumezoeana, kijana aliniambia kwamba meseji aliipata, na kwamba alikuja akiwa ameamua kuifuata. Lakini aliposimama mbele ya zile nyufa alimwona mtu aliyesimama kama askari mlangoni, aliyekunja ngumi chini ya nguo. Mchumba wake hawezi kukasirika hivyo hata kwa dakika. Alirudi mara ya pili kuhakikisha, akaogopa zaidi, akaenda kwa yule aliyekuwa akitetemeka.

Msemaji wao alikuwa mzee mwepesi. Alisimama, akaomba radhi, akasema sharti lilikuwa kwamba mwenye kukosea arudi kwao, na wao hawana neno nalo, ila sasa mzee atarudi wapi na hapa ndipo kwake? Watu walicheka. Baba hakucheka. Bado alikuwa ameshika ukingo wa kitambaa juu ya kichwa changu, asijue kama anifunike tena au aachilie.

"Ilipoa kweli," alisema, kwangu tu.

"Nilikuambia."

Nilisema kwa ukali, sikuweza kuuficha. Aliitikia kwa kichwa. Akakishusha kitambaa mabegani mwangu, akakinyoosha, akageuka. Nilidhani anakwenda kumpa kijana mkono, na mkono alimpa, akaushika muda mrefu. Lakini kwanza alisimama katikati ya hema na kungoja kicheko kiishe. Aliwaambia wazee wa pande zote mbili kwamba kuna kitambaa kimoja hapa chenye nyufa, na kwamba alidhani binti yake mkubwa amemwekea mdogo wake alama, akamwambia hivyo, na binti akakana, na yeye hakumwamini.

"Hakuweka alama," alisema. "Aliyekuja hapa akitafuta alama ni mimi."